Shajara ya mradi: bapa la chuma, sumaku-umeme na mlinganyo (1/4)y'' + y = sin² t

3 Machi. Mlinganyo ulikotoka

Kikundi chetu kinatayarisha onyesho dogo la resonansi. Bapa jembamba la chuma linabanwa upande mmoja, na ncha yake iliyo huru inakaa karibu na sumaku-umeme inayolishwa mkondo geu wa hezi 50. Kabla ya kukata chuma tunataka kujua ncha hiyo itacheza kiasi gani, na hatua inayoandikwa hapa ni ya hesabu peke yake. Wanafunzi wawili wameichukua kazi hiyo, dada mmoja wa Hisabati na kaka mmoja wa Uhandisi wa Umeme. Wameniomba niandike mabishano yao pamoja na matokeo, kwa sababu kikundi kitakachotufuata kitakutana na swali lilelile walilobishania: njia gani inaufaa mlinganyo huu?

Kwanza mlinganyo wenyewe. Sumaku-umeme isiyo na sumaku ya kudumu ndani yake hulivuta bapa kila mkondo unapopita, uwe unaelekea huku au kule. Nguvu ya mvuto hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa ni sin ωt, nguvu ni sin² ωt, ambayo kamwe haiwi hasi, na hufikia kilele mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa mkondo. Kwa hiyo mkondo wa hezi 50 hulisukuma bapa kwa marudio ya hezi 100, nasi tumechagua urefu wa bapa ili marudio yake ya asili yawe hezi 100 hasa.

Tumepima muda kwa kizio kinachofanya ω iwe 1, na kusogea kwa ncha tumekupima kwa kulinganisha na umbali ambao nguvu ya kilele ingeisogeza ncha hiyo kama ingekuwa imetulia juu yake. Katika vizio hivyo, bila kuhesabu mfifisho, yaani upotevu wa nishati ya bapa, mlinganyo ni huu:

(1/4)y'' + y = sin² t,  y(0) = 0,  y'(0) = 0

Masharti mawili ya mwanzo yanasema kwamba bapa limetulia wakati swichi inapowashwa. Robo iliyo mbele ya y'' inatokana na marudio ya asili kuwa mara mbili ya marudio ya mkondo. Msomaji aikumbuke robo hiyo, kwa maana italeta taabu tarehe 6.

Sehemu isiyo na msukumo, yaani (1/4)y'' + y = 0, haina ubishi. Suluhisho lake ni c₁ cos 2t + c₂ sin 2t. Mabishano yote yanahusu suluhisho mahususi linaloletwa na sin² t.

4 Machi. Kubahatisha kunagoma

Dada ndiye aliyeanza, na hoja yake ilikuwa ya wazi.

«Njia ya vizigeu visivyojulikana, ya kubahatisha sura ya jibu kisha kutafuta namba zake, ina mipaka, kaka,» alisema. «Inakubali polinomu, fanksheni za kipeo, saini na kosaini, pamoja na mazao na jumla zake. Mraba wa saini siuoni kama ulivyo katika jedwali tulilofundishwa. Njia ya kubadilisha parameta haiulizi nguvu ni ya aina gani, inadai tu kwamba integrali mbili zikokotoleke. Kwa nini tujifunge?»

«Jedwali ni muhtasari tu, dada,» kaka alijibu. «Sababu iliyo nyuma yake ni kwamba fanksheni hizo, ukizitofautisha mara nyingi upendavyo, huzalisha kundi dogo lenye mwisho. Itofautishe sin² t: unapata 2 sin t cos t. Itofautishe tena: zinatokea cos² t na sin² t. Ukiendelea hutoki nje ya hizo tatu. Kundi lina mwisho, basi njia inafanya kazi.»

Hoja hiyo ni sahihi, na naiona kuwa ndiyo maana halisi ya jedwali ambalo wengi hulikariri bila kuuliza limetoka wapi. Kaka akaandika dhana yake:

y = A sin² t + B sin t cos t + C cos² t

Akaitofautisha mara mbili na kuiingiza katika mlinganyo. Matokeo yalimshangaza. Vipande vya B vilifutana vyote, na vile vya A na C vikageuka kuwa namba tupu:

(A + C)/2 = sin² t

Kushoto kuna namba isiyobadilika, na kulia kuna kitu kinachopanda na kushuka. Hakuna A wala C itakayofanya usawa huo uwe kweli kwa kila t.

«Unaona sasa,» dada alisema. «Njia yako imekataa.»

«Dhana yangu ndiyo iliyokataliwa, njia haijakataliwa,» kaka alijibu. «Nipe muda nione ni kwa nini.»

Sababu ilipatikana alipoiandika nguvu kwa sura nyingine:

sin² t = 1/2 − (1/2) cos 2t

Nguvu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mvuto wa wastani usiobadilika, 1/2. Ya pili inatikisika kama cos 2t, na cos 2t ni mwendo ambao bapa huufanya lenyewe bila kusukumwa. Zile fanksheni tatu alizodhania ni mchanganyiko wa 1, cos 2t na sin 2t kwa majina mengine, na mbili kati ya hizo hupotea pindi zinapoingizwa upande wa kushoto. Ndiyo maana B ilitoweka kabisa. Hiyo ni alama ya kuiangalia: kigeu ulichokiweka ili ukitafute kikifutika chenyewe kabla hujakipatia thamani, ujue sehemu ya dhana yako ni suluhisho la mlinganyo usio na msukumo.

Dawa inayojulikana ni kuzidisha kwa t. Kaka akazidisha dhana yote:

y = t (A + B cos 2t + C sin 2t)

Hapo tena mambo hayakukaa sawa, kwa kuwa kipande At kilibaki upande wa kushoto peke yake. Ili kiondoke, A lazima iwe sifuri. A ikiwa sifuri, hakuna kitu cha kuizalisha ile 1/2 ya upande wa kulia.

Dada ndiye aliyemwonyesha tatizo, ingawa alikuwa upande wa pili wa ubishi. «Namba isiyobadilika haina ugonjwa, kaka. Si suluhisho la mlinganyo usio na msukumo, kwa hiyo hukupaswa kuipa dawa. Zitenganishe nguvu mbili. Iliyo mgonjwa ni cos 2t peke yake.»

Baada ya hapo kazi ilikuwa fupi. Kwa nguvu ya 1/2, suluhisho ni y = 1/2. Kwa nguvu ya −(1/2) cos 2t, dhana ni t(B cos 2t + C sin 2t). Vipande vyenye t vinafutana vyenyewe na kubakiza

−B sin 2t + C cos 2t = −(1/2) cos 2t

kwa hiyo B = 0 na C = −1/2. Suluhisho mahususi la kaka ni

y = 1/2 − (1/2) t sin 2t

Gharama ya njia hii, kwa atakayetaka kulinganisha: utambulisho mmoja wa trigonometria, vigeu viwili, na mistari michache ya utofautishaji. Hakuna integrali hata moja. Ila dhana mbili zilianguka kabla ya ile sahihi, na zote mbili zilianguka kwa sababu nguvu ilikuwa imeandikwa kwa sura inayoficha resonansi.

6 Machi. Njia ya parameta, na robo iliyopotea

Leo ilikuwa zamu ya dada. Njia yake, ambayo huhusishwa na Lagrange wa karne ya 18, huanza na suluhisho la mlinganyo usio na msukumo, kisha huziacha c₁ na c₂ zibadilike kulingana na muda:

y = u₁(t) cos 2t + u₂(t) sin 2t

Kwa kuwa fanksheni zisizojulikana ni mbili na mlinganyo ni mmoja, tuna uhuru wa kuongeza sharti moja. Sharti linalochaguliwa ni kwamba u₁' cos 2t + u₂' sin 2t = 0, ili derivativu ya pili isilete u₁'' wala u₂''. Kutoka hapo u₁' na u₂' hupatikana kwa kugawanya kwa Wronskiani, ambayo kwa cos 2t na sin 2t ni 2.

Dada aliandika haraka:

u₁' = −(1/2) sin 2t · sin² t = −sin³ t cos t

Integrali yake ni −(1/4) sin⁴ t, na alifurahi kuiona ikitoka safi kiasi hicho. Kaka alikuwa akimfuata kwenye karatasi yake, akasimama.

«Dada, tuulizane kabla hujaendelea. Swichi inapowashwa, t ikiwa ndogo sana, y bado iko karibu na sifuri. Mlinganyo unasema (1/4)y'' ni karibu t², yaani y'' ni karibu 4t². Kwa hiyo y inapaswa kuanza kama t⁴/3. Jibu lako linaanzaje?»

Dada alimalizia kukokotoa u₂ kwa mtindo uleule, akakusanya vipande vyote, na kukuta kwamba jibu lake linaanza kama t⁴/12. Ni robo ya kinachotakiwa.

«Robo,» alisema, kisha akarudi kwenye mstari wa kwanza wa mlinganyo. «Fomula ya u₁' na u₂' inadai kizigeu cha y'' kiwe 1. Nimeiweka nguvu kama ilivyoandikwa, bila kwanza kuugawanya mlinganyo wote kwa robo. Nguvu inayoingia katika fomula ni 4 sin² t.»

Kosa hili linastahili nafasi katika shajara, kwa kuwa njia yenyewe haimpi mtu onyo lolote. Katika vizigeu visivyojulikana, dhana mbaya hukataa waziwazi, kama tulivyoona tarehe 4. Katika njia ya parameta, nguvu isiyogawanywa hukupa jibu lenye sura nzuri, lenye resonansi, lenye masharti ya mwanzo yaliyotimia, ila lenye ukubwa usio wake. Kulitambua kunahitaji mojawapo ya mambo mawili: kulirudisha jibu katika mlinganyo wa awali, ambapo lingetoa (1/4) sin² t badala ya sin² t, au kulipima karibu na t = 0 kama kaka alivyofanya. Kipimo cha pili ni cha haraka zaidi, nami ningemshauri kila mtu akifanye hata asiposhuku lolote.

Baada ya marekebisho:

u₁' = −4 sin³ t cos t, kwa hiyo u₁ = −sin⁴ t
u₂' = 2 cos 2t sin² t = cos 2t − cos² 2t, kwa hiyo u₂ = (1/2) sin 2t − t/2 − (1/8) sin 4t

Katika integrali zote mbili dada alianzia t = 0, na uamuzi huo utaonekana una uzito kesho. Jibu lake, kabla ya kulifupisha, ni

y = −sin⁴ t cos 2t + (1/2) sin² 2t − (t/2) sin 2t − (1/8) sin 4t sin 2t

7 Machi. Majibu mawili yasiyofanana

Walipoweka karatasi zao pamoja, kaka hakuficha mashaka yake.

«Langu lina vipande viwili, lako lina vinne. Nikiweka t = 0, langu ni 1/2 na lako ni 0. Nikiweka t = π/4, yote mawili ni 1/2 − π/8. Mahali pamoja yanatofautiana na mahali pengine yanakubaliana. Mmoja wetu amekosea.»

«Si lazima,» dada alisema. «Suluhisho mahususi halikuwahi kuwa moja. Mawili yanaweza kutofautiana kwa kitu chochote ambacho mlinganyo usio na msukumo unakiruhusu. Tuone tofauti yetu ni nini.»

Kufupisha jibu lake kulichukua nafasi kubwa kuliko hesabu nyingine yoyote ya wiki hii. Njia iliyosaidia ni kuandika kila kitu kwa c = cos 2t: sin⁴ t ni (1 − c)²/4, sin² 2t ni 1 − c², na sin 4t sin 2t ni 2c(1 − c²). Vipande vyenye c² vinafutana, vyenye c³ vinafutana pia, na kinachobaki ni

y = 1/2 − (1/2) cos 2t − (1/2) t sin 2t

Tofauti yao ni −(1/2) cos 2t kamili. Ni mwendo huru wa bapa, na thamani yake ni sifuri penye t = π/4, ndiyo maana walikubaliana hapo. Wote wawili walikuwa sahihi.

Kisha kaka akaendelea na hatua iliyobaki kwake, ya kutafuta c₁ na c₂ ili bapa lianze likiwa limetulia. Alipata c₁ = −1/2 na c₂ = 0. Jibu lake la mwisho likawa lilelile la dada, nalo linaweza kuandikwa kwa ufupi zaidi:

y = sin t (sin t − t cos t)

Hapo ndipo dada alipotoa hoja ambayo naiona kuwa yenye nguvu kuliko ile ya jedwali aliyoanza nayo.

«Angalia, kaka. Mimi sikutafuta c₁ na c₂. Kwa kuwa nilianzia integrali kwenye sifuri, u₁ na u₂ zote ni sifuri wakati swichi inawashwa, na lile sharti nililoliongeza linahakikisha kwamba hata kasi ni sifuri. Jibu langu limekuja likiwa tayari limetimiza masharti ya mwanzo. Wewe umelipia hatua ya ziada.»

«Nimelipia mistari miwili,» kaka alijibu, «nawe umelipia ukurasa wa kufupisha. Zaidi ya hayo, jibu langu lilinionyesha tangu mwanzo nini kinatokea: 1/2 ni bapa kuvutwa upande mmoja na mvuto wa wastani, na −(1/2) t sin 2t ni mtikisiko unaokua. Katika vipande vyako vinne, resonansi ilikuwa imejificha ndani ya kipande kimoja, na vingine vitatu vilikuwa vinasubiri kufutana.»

Kwa swali kama lilivyoulizwa, uamuzi wangu ni kwamba kaka ana haki. Nguvu hii, ikishaandikwa kama 1/2 − (1/2) cos 2t, ni ya aina ambayo njia ya vizigeu visivyojulikana iliundwa kuishughulikia, na integrali za dada zilihitaji utambulisho uleule wa trigonometria alioutumia kaka. Aliukwepa mwanzoni, akakutana nao ndani ya u₂ na tena katika kufupisha.

10 Machi. Hakikisho kwa kompyuta

Tulihakikisha jibu kwa kuusogeza mlinganyo hatua ndogondogo, bila kutumia njia yoyote kati ya mbili zinazobishaniwa.

```python
from math import sin, cos, pi

def a(t, y):
    return 4*sin(t)**2 - 4*y

n = 3000
h = 3*pi/4/n
t = y = v = 0.0
for k in range(n):
    v += h/2*a(t, y)
    y += h*v
    t += h
    v += h/2*a(t, y)
print(y, sin(t)*(sin(t) - t*cos(t)))
```

Penye t = 3π/4 jibu la fomula ni 1/2 + 3π/8, yaani 1.6781, na hatua ndogondogo zinatoa namba hiyohiyo kwa tarakimu zote hizo. Atakayeinakili kazi hii kwa mlinganyo wake mwenyewe azingatie kwamba ndani ya `a` nguvu imeshazidishwa kwa 4. Robo ya tarehe 6 inaweza kupotea hata humu.

Kwa vizio vya kawaida, bapa linakamilisha mtikisiko mmoja kila milisekunde 10, na katika muda huo ukubwa wa mtikisiko unaongezeka kwa π/2. Ukuaji huo hauwezi kuendelea bila kikomo. Ncha ikikaribia sumaku, mvuto unaongezeka kwa sababu pengo limepungua, na mlinganyo wetu unachukulia kwamba pengo halibadiliki. Hesabu hii ni ya kuaminika tu wakati kusogea kwa ncha ni kudogo sana kulinganisha na pengo.

12 Machi. Mfifisho unaingia

Bapa halisi hupoteza nishati kwenye kibano na hewani. Tumeongeza kipande cha mfifisho chenye kizigeu cha majaribio, 0.05:

(1/4)y'' + 0.05y' + y = sin² t

Kaka aliomba aanze yeye. «Sasa cos 2t si mwendo huru tena, kwa hiyo sizidishi kwa t. Dhana ni namba moja pamoja na B cos 2t na C sin 2t.» Vipande vya (1/4)y'' na y vinafutana kwa cos 2t na sin 2t, na mfifisho unabaki peke yake kubeba nguvu:

0.05(−2B sin 2t + 2C cos 2t) = −(1/2) cos 2t

B ni sifuri na C ni −5. Mwendo wa kudumu ni y = 1/2 − 5 sin 2t. Ukubwa wa mtikisiko ni mara kumi ya mvuto wa wastani, na hauongezeki tena.

Dada alikwenda kwa njia yake hadi alipoona integrali zitakazohitajika. Mwendo huru sasa una kipeo e^(−0.1t) na marudio √3.99, kwa hiyo kila integrali ina kipeo kinachokua, fanksheni ya trigonometria yenye marudio yasiyo namba nzima, na sin² t, vyote vikizidishana. Zinakokotoleka, lakini alizisoma mara moja na kuweka kalamu chini.

«Hapa sibishani,» alisema.

Kuna ulinganisho mmoja unaofaa kuhifadhiwa. Kwa muda mfupi baada ya kuwasha, mfifisho haujapata nafasi ya kufanya lolote, kwa hiyo mtikisiko unapaswa kukua kama ule wa tarehe 7, yaani kwa 0.5 katika kila kizio cha muda. Ukubwa wa mtikisiko wenye mfifisho ni karibu 5(1 − e^(−0.1t)), ambao kwa t ndogo ni 0.5t. Hesabu mbili zinakubaliana mahali zinapopaswa kukubaliana.

14 Machi. Kuzima umeme katikati

Hii ndiyo hatua ya mwisho ya makaratasi, na ilitokana na swali la dada.

«Kaka, onyesho letu halitawasha umeme milele. Tukiuzima penye t = T, bapa linaendelea vipi?»

Kaka alijibu kwa kuchukua T = π na kurudi kwenye mlinganyo usio na mfifisho. Akakokotoa y(π) = 0 na y'(π) = −π, kisha akatafuta mwendo huru unaoanza na thamani hizo: y = −(π/2) sin 2t. Kazi si ngumu, ila inarudiwa upya kwa kila T.

Dada alifungua karatasi yake ya tarehe 6. «Mimi sirudii chochote. Nguvu ikiisha, u₁' na u₂' ni sifuri, basi u₁ na u₂ hubaki pale zilipokuwa. Mwendo baada ya kuzima ni u₁(T) cos 2t + u₂(T) sin 2t, na fanksheni zote mbili ninazo. Penye π, u₁ ni 0 na u₂ ni −π/2. Ni jibu lako.»

«Na penye π/2?»

«u₁ ni −1, u₂ ni −π/4. Ukubwa wa mtikisiko unaobaki ni mzizi wa 1 + π²/16, karibu 1.27.»

Kaka aliangalia vile vipande ambavyo wiki iliyopita aliviona kuwa mzigo. «Kwa hiyo −sin⁴ t haikuwa takataka ya kufutwa. Inasema ni kiasi gani cha cos 2t kimeshaingia ndani ya bapa kufikia muda huo.»

«Ndiyo. Ukifupisha unapata mwendo wa ncha, lakini unapoteza hesabu ya kilichohifadhiwa.»

Kuanzia sasa kikundi kinatumia jibu la kaka kwa mwendo wakati umeme umewashwa, pamoja na mfifisho wake, na u₁ na u₂ za dada kwa kila swali la kuzima. Jambo la pili linalobaki mikononi mwa dada ni mkondo halisi. Tutakapoupima kwa kifaa, hautakuwa saini kamili, kwa kuwa chuma cha sumaku hujaa na kuupotosha, na nguvu itatujia kama orodha ya vipimo isiyo na fomula. Hapo hakuna kundi la fanksheni la kubahatisha. Ameandika tayari sura tutakayoitumia, ambamo g ni nguvu iliyopimwa na integrali inakwenda kutoka 0 hadi t:

y(t) = 2 ∫ sin 2(t − s) g(s) ds

Ameijaribu kwa g = 1, akapata 1 − cos 2t, kama inavyotakiwa kwa bapa linalovutwa ghafla na mvuto usiobadilika. Kaka atatengeneza mpango wa kujumlisha vipimo hivyo kwenye kompyuta, na 2 iliyo mbele ya integrali imeshagawanywa kwa robo.